Mpigapicha mmoja, milango miwili

Mpigapicha wa mjini anayeishi kwa kamera yake huwa na wateja wa aina mbili wasiofanana karibu kwa lolote. Jumamosi yuko na maharusi, Jumanne yuko na wakurugenzi. Kamera ni ile ile, lenzi ni zile zile, na mara nyingi hata ukumbi ni ule ule, kwa kuwa ukumbi unaopambwa kwa harusi wikiendi ndio unaopangwa viti vya warsha katikati ya wiki. Lakini anayelipa ni mwingine, anachokitafuta kwenye picha ni kingine, na namna anavyotafuta ni nyingine kabisa. Potifolio inayowachanganya humpoteza mmoja wao, na kwa ninavyoona mimi, mara nyingi huwapoteza wote wawili.

Tumchukue mpigapicha wa Dar es Salaam tufanye naye kazi kama mfano. Tovuti yake ina ukurasa wa mwanzo wenye picha 64 zilizopangwa kwa tarehe, mpya zikiwa juu. Juu kabisa kuna picha kubwa inayojibadilisha yenyewe kila baada ya sekunde 5. Menyu ina maneno matano: Mwanzo, Picha za Watu, Matukio, Kuhusu, Mawasiliano. Picha zenyewe ni nzuri, sina neno nazo. Sasa tuwalete wageni wawili.

Wa kwanza ni afisa mawasiliano wa asasi inayoshughulika na afya ya jamii. Wiki ijayo wana mkutano wa wadau wa siku mbili, na mkuu wake amemwambia alete bei za wapigapicha watatu kabla ya saa nane mchana. Yuko ofisini, amefungua tovuti tatu kwa pamoja kwenye kompyuta. Anachotaka kujua ni kama huyu amewahi kupiga mkutano unaofanana na wao. Anakutana na bibi harusi kwenye ngazi, kisha keki, kisha pete juu ya maua. Anabonyeza Matukio, anakuta sendofu, nikaha, kicheni pati mbili na kongamano moja. Kongamano lina picha mbili tu. Anafunga ukurasa na kuhamia kwa mpigapicha anayefuata, ingawa huyu tuliye naye alishapiga mikutano mingi na faili zake zimejaa kwenye diski nyumbani.

Wa pili ni binti anayeolewa mwezi wa kumi na mbili. Ni saa nne usiku, yuko na simu, na linki ameipata kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Wakati ukurasa unafunguka, ile picha kubwa inayojibadilisha imeangukia mwanamume mwenye suti kwenye mimbari, nyuma yake bango la wafadhili. Anashuka chini na kuona maharusi wazuri, lakini kila harusi ina picha chache tu. Hakuna hata harusi moja anayoweza kuifuata tangu bibi harusi anapambwa mpaka ukumbini. Hajui kama mpigapicha huyu ana jicho la siku nzima au alibahatika picha moja moja.

Tatizo la potifolio hii ni kwamba imepangwa kwa kichwa cha mpigapicha. Yeye anajua kwamba kupiga uso wa mtu ni kazi moja na kupiga tukio linaloendelea ni kazi nyingine, kwa hiyo akatenganisha Picha za Watu na Matukio. Kwa fundi huo ni mgawanyo wa kweli kabisa, maana taa, lenzi na mwendo wa kazi vinatofautiana. Mteja hana habari na hilo. Chini ya Picha za Watu kuna bibi harusi aliyekaa dirishani na mkurugenzi aliyekunja mikono, na hakuna mteja duniani anayewahitaji wote wawili kwa wakati mmoja.

Kanuni ninayoishikilia ni kwamba kila picha iwekwe kwa kumfuata anayeamua na kulipa, hata kama kilichomo ndani ya picha kinaelekea kwingine. Ukiifuata kwa ukali, hata zile kazi zenye utata zinapata mahali pake. Sherehe ya kufunga mwaka ya kampuni ina ukumbi, taa za rangi, watu wanacheza na keki inakatwa. Ukiiangalia haraka utadhani ni harusi. Lakini aliyeagiza ni ofisa rasilimali watu na malipo yametoka akaunti ya kampuni, kwa hiyo inaenda upande wa kampuni, na huko itafanya kazi kubwa ya kuonyesha kwamba mpigapicha anaweza pia kuwapiga wafanyakazi wakiwa wamefurahi. Mahafali ya chuo yakiagizwa na chuo yanaenda upande huo huo. Picha za mhitimu zikiagizwa na mama yake, si za kampuni wala si za harusi, na hapo ndipo wapigapicha wengi hushawishika kuongeza mlango wa tatu, kisha wa nne wa siku za kuzaliwa, kisha wa tano wa bidhaa. Msishawishike. Mlango wa tatu unapunguza nguvu ya ile miwili inayoleta chakula. Kazi za familia zipewe linki ndogo chini ya ukurasa, na anayezitafuta ataziona.

Ukurasa wa mwanzo basi ubebe picha mbili tu. Moja ya harusi, imeandikwa Harusi. Nyingine ya kazi, imeandikwa Kampuni na Taasisi. Neno taasisi lisiachwe, kwa sababu mtu wa wizara, chuo au asasi hajioni ndani ya neno kampuni. Kwenye simu picha hizo zikae moja juu ya nyingine, na zote mbili zionekane kabla mtu hajasogeza kidole. Hili lipimwe kwenye simu halisi ya bei ya kawaida, maana kompyuta pana ya mpigapicha humdanganya. Picha inayojibadilisha yenyewe iondolewe. Wageni wanaweza kuikuta mahali tofauti, kwa hiyo mpigapicha hajui mteja wake ameona nini kwanza, na mteja wa kampuni anaweza kupokelewa na keki.

Kuna faida nyingine ya picha mbili, nayo ni uzito. Zile picha 64 zikiwa na wastani wa megabaiti 1.5 kila moja, ukurasa mzima ni megabaiti 96. Kwenye mtandao wa simu unaotoa megabiti 10 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya dakika moja na robo ya kusubiri, na bando la mteja linaliwa na picha ambazo nusu yake hazimhusu. Picha mbili zenye upana wa pikseli 800, zikihifadhiwa kwa muundo wa WebP, mara nyingi hazifiki kilobaiti 150 kila moja. Ukurasa unafunguka papo hapo. Kwenye kurasa za ndani, ambako mtu ameshachagua na yuko tayari kutazama, picha za pikseli 1600 hadi 2000 upande mrefu zinatosha, na zile zilizo chini ya ukurasa ziwekewe `loading="lazy"` ili zisipakuliwe kabla mtu hajazifikia. Ile ya kwanza juu isiwekewe agizo hilo, kwani itachelewa bila sababu.

Kugawa milango ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, inayosahaulika zaidi, ni kwamba ndani ya kila mlango picha zinapangwa kwa namna tofauti, kwa kuwa wateja hawa wawili wanasoma picha tofauti.

Upande wa harusi, weka harusi nzima nzima. Tatu zinatosha, kila moja ikiwa na picha 25 hadi 30 kwa mfuatano wa siku. Zichaguliwe ziwe za mazingira tofauti: mathalani harusi ya kanisani yenye sherehe ukumbini usiku, nikaha ya nyumbani au msikitini, na sendofu ya ua au bustani mchana. Anayeolewa atajitafuta humo. Atatazama ngozi ya bibi harusi imetokaje baada ya vipodozi, na hasa chini ya zile taa za zambarau na buluu za ukumbini, ambazo zinaharibu sura kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Mpigapicha anayejua kuzidhibiti aweke picha hizo wazi, maana mtu akishazikuta hana haja ya kusoma maelezo. Atatazama kama wazazi wamepigwa vizuri au wamekatwa pembeni. Mjumbe wa kamati aliyekabidhiwa suala la picha na video atataka kujua kifurushi kina nini: saa ngapi, wapigapicha wangapi, albamu ya kurasa ngapi, picha zinatoka baada ya wiki ngapi, na bei inaanzia wapi. Mimi ni wa upande wa wanaoandika bei ya kuanzia. Kamati inafanya kazi kwa michango na ina jedwali la bajeti; isipoona namba, inaandika ya mwingine.

Pwani na Visiwani pana jambo la ziada. Katika familia nyingi za Kiislamu sherehe za wanawake hazipigwi ovyo, na zikipigwa na mpigapicha mwanamke, picha hazitoki nje ya familia. Kwa hiyo huyo mpigapicha mwanamke wa Zanzibar au Mombasa ana kazi nyingi nzuri asizoweza kumwonyesha mtu. Njia anayobaki nayo ni kuonyesha hina mikononi, mapambo ya chumba, nguo ikiwa imetundikwa, maua ya asumini, mikono ya mama ikifunga kidani, na kuandika kwa maneno wazi kwamba sura hazionyeshwi kwa kuheshimu ridhaa ya familia. Sentensi hiyo moja itamvutia mteja anayemfaa kuliko picha ishirini, kwa sababu anachoogopa mteja huyo ni sura za familia yake kutoka nje.

Upande wa kampuni, mpangilio wa hadithi hauna faida. Afisa mawasiliano hatafuti kuguswa moyo. Anatafuta kutoaibika mbele ya mkuu wake. Kwa hiyo gawa kwa aina ya kazi anayoagiza: mikutano na makongamano, picha za viongozi na wafanyakazi, na kazi za nje kwa ajili ya ripoti ya mwaka. Kila fungu liwe na picha 8 hadi 12, na chini ya kila fungu maandishi mafupi yanayojibu hofu zake.

Kwenye mikutano, picha ya kwanza iwe ya mzungumzaji akiwa na skrini nyuma yake, na skrini isomeke. Anayejua kazi anajua ugumu wake. Skrini ina mwanga mkali na uso wa mzungumzaji uko gizani, na anayeupima uso peke yake huishia na skrini nyeupe tupu. Picha ya pili iwe ile ya pamoja na mgeni rasmi. Hii wapigapicha wengi huiona ya kuchosha na kuificha, ilhali ndiyo picha itakayotumwa kwa wafadhili, itakayopelekwa magazetini na itakayotundikwa ukutani. Mteja ataangalia kama mgeni rasmi yupo katikati, kama itifaki ya waliokaa imezingatiwa, kama watu wa mstari wa nyuma wanaonekana nyuso, na kama bango halikukatwa herufi. Picha moja ya watu 60 iliyopangwa vizuri inaeleza uwezo wa kuongoza umati kwa dakika tatu bila kumuudhi waziri. Chini yake andika: mkutano wa siku mbili, picha 15 zilizokwisha kuhakikiwa zilitumwa jioni ya siku ya kwanza, zilizobaki zilitoka baada ya siku tatu. Mstari huo ndio afisa ataukopi kwenye barua pepe kwa mkuu wake. Bila shaka uwe wa kweli.

Kwenye picha za wafanyakazi usiweke sura moja kubwa nzuri. Weka sura tisa kwa pamoja, safu tatu za tatu, zote zimepigwa kwa mwanga mmoja, kitambaa kimoja cha nyuma, macho yakiwa kwenye kimo kimoja ndani ya fremu. Kampuni yenye watu 40 inanunua ulinganifu. Inataka mfanyakazi atakayeajiriwa mwakani apigwe na aonekane kama aliyepigwa leo. Sura moja nzuri haionyeshi hilo hata iwe nzuri vipi, na sura tisa za kawaida zinazolingana zinalionyesha mara moja. Na katika hizo tisa wawepo mwenye ngozi nyeusi sana na mwenye ngozi ya maji ya kunde, mwenye miwani na mwenye hijabu, kwa kuwa hapo ndipo mwanga mmoja hupimwa.

Picha za ripoti ya mwaka zinahitaji kitu kingine: nafasi tupu. Msanifu wa ripoti anatafuta picha ya mlalo yenye mbingu, ukuta au shamba upande mmoja, ambapo ataweka kichwa cha habari. Ukiweka picha mbili tatu za namna hiyo, msanifu atakutambua hata kabla ya afisa.

Bei upande huu naishauri isiandikwe, kwa sababu kazi zinatofautiana mno, lakini kiandikwe kipimo cha kutoza: nusu siku, siku nzima, au kwa kichwa kwa picha za wafanyakazi. Kisha sentensi moja kwamba profoma inatolewa siku hiyo hiyo, namba ya mlipakodi ipo, na risiti ya mashine inatolewa. Kwa taasisi, mpigapicha asiye na risiti ya mashine ni mpigapicha asiyelipika, na afisa hataki kugundua hilo baada ya kazi. Tena, ukurasa wa kampuni uwe na toleo la Kiingereza, maana ofisi nyingi za kimataifa zitaupeleka kwa mtu asiyejua Kiswahili. Ukurasa wa harusi Kiswahili kinatosha, na kinapendeza zaidi.

Idhini hailingani pande zote mbili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Huko Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Sura ya mtu inayotambulika ni taarifa yake. Kwa harusi, kipengele cha idhini kiwe ndani ya mkataba na maharusi wakisome kabla ya kusaini, na picha za watoto wa wageni ziachwe nje. Kwa kampuni, aliyesaini mkataba ni ofisi, lakini walio kwenye picha ni watu wengine. Mikutano ya ndani ya benki, kwa mfano, inaweza kuwa na takwimu kwenye skrini ambazo hazikutangazwa. Omba ruhusa kwa maandishi, taja picha zenyewe kwa namba za faili, na picha za ripoti zisitoke kabla ripoti yenyewe haijatoka.

Sasa turudi kwa yule binti wa saa nne usiku. Yeye hakuingia kupitia ukurasa wa mwanzo kwa hiari yake, alitumiwa linki. Kwetu huku ndivyo wengi wanavyofika, na ndiyo maana kila upande uwe na anwani yake kamili, `/harusi` na `/kampuni`, ili mpigapicha mwenyewe na wanaompendekeza watume mlango sahihi moja kwa moja. Linki ikitumwa WhatsApp hutokea na kipicha na kichwa cha maneno. Visipowekwa kwa kila ukurasa, mfumo huchukua unachokikuta, na linki ya kampuni hutokea na pete juu ya maua. Vinawekwa hivi:

```html
<title>Picha za mikutano na wafanyakazi, Dar es Salaam</title>
<meta property="og:title" content="Picha za mikutano na wafanyakazi">
<meta property="og:image" content="https://example.com/kampuni/mkutano.jpg">
```

Kipicha hicho kiwe cha pikseli 1200 kwa 630 na kisizidi kilobaiti 300. Ukurasa wa harusi upewe vyake. Na kwa kuwa wanaoingia hivyo hawajapita mwanzo, chini ya kila ukurasa kuwe na mstari mmoja unaoelekeza upande wa pili. Afisa wa leo huolewa kesho.

Kitufe cha kuwasiliana nacho kitofautishwe. Linki ya WhatsApp inaweza kubeba ujumbe ulioandikwa tayari:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari,%20naulizia%20harusi%20ya%20tarehe
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari,%20naulizia%20mkutano%20wa%20tarehe
```

Namba huandikwa kwa msimbo wa nchi bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Mteja anamalizia tarehe na kutuma, na mpigapicha anajua papo hapo ametokea mlango upi bila kuhitaji takwimu zozote za tovuti.

Ujumbe huo wa kwanza ndio kipimo bora cha mpangilio mzima. Mtu akiuliza, "Samahani kaka, mikutano pia unapiga?", mlango wa kampuni haukuonekana. Akiuliza, "Naomba kuona harusi moja nzima," hadithi zimekatwa mno au zimefichwa. Akianza na tarehe na mahali, potifolio imefanya kazi yake na yanayobaki ni mazungumzo ya bei. Kabla ya kusubiri ujumbe wa wateja, kuna jaribio rahisi: mpe simu jirani asiyejua upigaji picha, mwambie ofisi yake inataka picha za wafanyakazi 40, kisha nyamaza utazame kidole chake kinagusa wapi kwanza. Ukijikuta unataka kumwelekeza, umeshapata jibu.

Kwa yule mpigapicha wetu wa mfano, hesabu ya picha 64 baada ya kupanga upya si ngumu. Kati yake, tuseme 41 ni za harusi 11 tofauti. Hizo haziwezi kutengeneza harusi hata moja nzima, kwa hiyo anarudi kwenye diski, anachagua harusi tatu na kuzijaza. Za kampuni ni 12 tu, na zinazobaki 11 ni za familia, zinazoshuka chini. Hizo 12 hazitoshi mafungu matatu. Hapo asijaze kwa picha dhaifu. Aanze na fungu moja la mikutano, alijaze kutoka kwenye diski lifike picha 9 zenye nguvu na maelezo kamili, afungue mlango wa kampuni ukiwa na hilo tu, kisha awaite marafiki na jamaa tisa awapige nyuso kwa mwanga mmoja mchana mmoja, aandike wazi kwamba ni picha za mfano alizozipanga mwenyewe. Fungu la ripoti ya mwaka lisubiri mpaka kazi ya kweli itakapopatikana na mwenyewe aliyeiagiza akubali ionekane.